Kodi ya soko na konseye wetu

«Meya anasema tuna haki ya kujua. Sasa mimi muuza mboga nimuulize nani ile kodi ya kila siku inaenda wapi?»

Mama, anza na konseye wa komine yako, lakini usimwombe pesa wala kazi kwa mtoto. Konseye hashiki kasha na hasaini malipo. Hiyo ni kazi ya burgumestri na watu wake. Konseye anapigia bajeti kura, kisha anaweza kumuuliza burgumestri kwa maandishi au mbele ya baraza. Hapo ndipo meya alisema kweli juu ya haki ya kujua, ijapokuwa aliitaja mbio mbio tu.

Swali likiwa «pesa zinaenda wapi?» utajibiwa maneno matamu tu. Uliza hivi: bajeti ilitarajia soko letu lilete kiasi gani, na kasha lilipokea kiasi gani? Tunza vile vikaratasi unavyopewa ukilipa. Sokoni kwetu mtoza kodi mmoja hupokea nusu bei bila kuandika chochote, na pesa hiyo haitaonekana katika hesabu yoyote. Ukiambiwa ni siri, taja kifungu cha 24 cha Katiba ya Kongo yetu ya 2006: kila mtu ana haki ya kupata habari.