Tarehe ya mfadhili si tarehe ya chuo

"Niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Nairobi. Usajili wa muhula unafungwa 19 Septemba, lakini mfadhili wangu wa ng'ambo ameandika kwamba atalipa karo 30 Septemba. Nimemwandikia msajili nikiomba nisajiliwe nikichelewa, hadi 3 Oktoba, na nimeambatisha barua ya mfadhili. Je, ombi langu lina uzito? Wakikataa, watakuwa wamenionea?"

Lina uzito, dada yangu, ila unaomba siku, na siku hazitakufaa sana hata ukipewa. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dirisha la karo la chuo kimoja hapa jijini, na barua za aina hii zilikuwa zikirundikana mezani kila Septemba na kila Januari. Nyingi zilikuwa za kweli. Bado nyingi zilikwama, na mara chache sana zilikwama kwa sababu ya roho mbaya ya mtu.

Nianze na upande wa chuo, maana ndio unaotukanwa zaidi foleni inapokuwa ndefu. Usajili haufungwi wiki ya tatu ili kuwakomoa maskini. Orodha ya waliosajili uniti ndiyo inayomwambia mwenyekiti wa idara kama somo lina wanafunzi wa kutosha au lifutwe, na ndiyo inayotumika kupanga vyumba na ratiba ya mitihani. Ndiyo pia inayofungua jina la mwanafunzi kwenye mfumo ambamo mhadhiri huingiza alama. Asiye kwenye orodha hiyo anaweza kukaa kiti cha mbele muhula mzima, afanye mtihani wa katikati ya muhula kwa karatasi, kisha mwakani aanze kuzunguka ofisi baada ya ofisi akitafuta alama zisizoonekana popote.

Halafu kuna hoja ya haki, nayo sipendi kuipuuza. Kwenye foleni hiyohiyo yuko kijana ambaye mamake aliuza ng'ombe, au alikopa kwenye chama, ili alipe kabla ya 19. Ukimfungulia mmoja mlango baada ya tarehe kwa barua tu, utamwambia nini huyo? Na mfadhili naye hujifunza. Akiona chuo kinangoja kila mara bila neno, malipo ya Septemba yatasogea Oktoba, kisha Novemba. Mimi nimeona mashirika yakifanya hivyo, tena si kwa ubaya, bali kwa sababu mtu wa hesabu upande ule alikuwa na mambo mengine ya haraka zaidi.

Upande wako una hoja moja ambayo kwa maoni yangu inazishinda hizo, na ajabu ni kwamba barua yako haikuitaja. Wafadhili wengi hawatoi pesa mpaka waone uthibitisho kwamba mwanafunzi amesajiliwa muhula huo, na chuo hakisajili mpaka kione pesa. Kila upande unamngoja mwenzake, na wewe uko katikati na karatasi mkononi. Isome tena barua ya mfadhili wako. Ikiwa mahali fulani imesema malipo yatafanyika "baada ya kupokea uthibitisho wa usajili", basi tarehe ya 30 Septemba ina sharti, na sharti lenyewe liko mikononi mwa chuo. Kukupa siku zaidi bila kukusajili hakufungui fundo hilo. Tarehe 3 Oktoba itafika, pesa haijatumwa, na ofisi itakuona mwongo.

Kwa hiyo kitu cha kuomba ni usajili wa muda: uniti zako ziingizwe sasa, kabla ya 19, na kizuizi cha karo kihamie kwenye kadi ya mtihani. Chuo hakipotezi kinga yake hapo, kwa sababu bila kadi huingii chumba cha mtihani. Orodha inakamilika kwa wakati, na wewe unapata barua ya usajili ya kumtumia mfadhili. Hata yule kijana wa ng'ombe hana cha kulalamikia, maana hukupewa nafuu ya karo wala hukuruka tarehe ya usajili.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo maombi mazuri huharibika. Tuseme karo ya muhula ni shilingi 72,000 na chuo kinadai asilimia 60 kabla ya kufungua uniti, yaani 43,200. Nyumbani mmelipa 14,000. Pengo la usajili ni 29,200, na mfadhili ameahidi 58,000, ambayo pamoja na 14,000 inafika 72,000 kamili. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa tuseme faini ya kuchelewa ni 3,000. Mfadhili hajui habari ya faini, na hata akijua hatailipa. Benki ya kati inayopitisha pesa kutoka ng'ambo nayo huenda ikakata ada yake njiani, tuseme 2,100. Siku pesa inapoingia, taarifa yako ya karo itaonyesha deni la 5,100, na mfumo unaotoa kadi za mtihani hausomi barua. Unasoma salio tu. Nimewaona watu waliolipiwa karo yote wakilia kwenye ngazi za jengo la utawala wiki ya mtihani kwa deni la namna hii.

Dawa yake ni mambo mawili madogo. Katika barua kwa msajili omba waziwazi kwamba faini isitozwe, ukieleza kuwa umeomba kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa mfadhili, omba kwamba kwenye fomu ya benki, mahali pa kuchagua nani anabeba gharama za kutuma, wachague `OUR` badala ya `SHA`. Chaguo la kwanza linambebesha mtumaji gharama, la pili linagawa, na mgawo huo ndio unaokula karo yako.

Sasa tarehe. "Atalipa 30 Septemba" ina maana gani? Kwa mfadhili, hiyo ni siku ambayo mtu wake wa hesabu ataibonyeza benki itume. Kwa chuo, malipo ni siku ambayo jina lako limeandikiwa pesa hiyo kwenye leja. Kati ya siku hizo mbili kuna benki ya kati, kuna kubadilishwa kwa fedha, kisha kuna karani wa chuo anayetazama kiasi kilichoingia na kujiuliza ni cha nani. Mfadhili asipoandika namba yako ya usajili kwenye maelezo ya malipo, pesa inaweza kukaa wiki nzima kwenye akaunti ya chuo bila mwenyewe. Kutoka 30 Septemba, siku tano za kazi ni makadirio ya mtu mwenye matumaini. Ongeza kwamba 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira na ofisi zimefungwa. Ningekuwa wewe ningeandika 14 Oktoba. Tarehe ya mbali inayotimia inakujengea jina kuliko ya karibu unayorudi kuomba iongezwe.

Kuhusu ushahidi, barua ya mfadhili peke yake ni ahadi. Inafaa iwe na jina lako kamili, namba ya usajili, muhula unaolipiwa, kiasi, tarehe, na jina la mtu anayeweza kuulizwa. Lakini nikueleze tulichokuwa tukifanya dirishani. Barua tuliiweka kando kwanza, tukafungua leja ya mwanafunzi. Mfadhili aliyelipa mihula minne iliyopita anaonekana pale, na tarehe zake zinaonekana. Hakuna barua inayoshinda hilo, kwa hiyo chapisha taarifa yako ya karo na uizungushie kalamu mistari hiyo. Tulipotaka kuhakikisha zaidi, tulipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili la zamani, kamwe si ile iliyo kwenye barua mpya. Barua za kughushi zipo, na anayeghushi barua hughushi na namba ya simu.

Leja hiyo inaweza pia kukugeuka. Ikionyesha kwamba mfadhili huchelewa wiki nne kila muhula, msajili ana haki ya kukuuliza kwa nini umekuja Septemba kama mtu aliyeshtukizwa. Kuchelewa kunakorudi kila mwaka si dharura tena, na ombi lake lilistahili kuletwa Agosti. Hapo siwezi kukutetea sana. Ninachoweza kusema ni kwamba kosa la kuchelewa kuomba halilingani na adhabu ya kupoteza muhula mzima.

Pesa ikishatumwa, barua ya ahadi imekwisha kazi yake. Mwombe mfadhili nakala ya hati ya benki inayothibitisha kutumwa kwa pesa, iliyozoeleka kwa jina la `MT103`, ambayo tangu Novemba 2025 nafasi yake imechukuliwa na `pacs.008`. Ina namba ya muamala, kiasi, tarehe na akaunti iliyolipwa, na kwa hiyo karani anaweza kuitafuta pesa badala ya kukungojesha. Picha ya simu inayoonyesha fomu iliyojazwa haifiki hapo, kwa sababu fomu inaweza kujazwa na isitumwe.

Umeuliza kama kukataliwa kutakuwa ni kuonewa. Kukataliwa kwenyewe hapana, kama kanuni za chuo zinasema hivyo na zinafuatwa kwa wote. Kukataliwa kwa mdomo dirishani, na mtu ambaye hata hakufungua bahasha, ni jambo jingine. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka na wa haki, na kinampa anayeumizwa na uamuzi huo haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza haikuishia kwa ofisi za serikali, bali inagusa hata mashirika yasiyo ya serikali. Sikushauri ukimbilie mahakamani kwa wiki mbili za usajili. Omba tu barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala, na ukikataliwa omba sababu zilizoandikwa. Mara nyingi mtu akilazimika kuandika sababu, hugundua hana.

Wakati unangoja, usikae nyumbani. Vyuo vingi hudai uwe umehudhuria theluthi mbili au robo tatu ya vipindi ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, na hesabu hiyo inaanza 1 Septemba masomo yanapofunguliwa, si siku karo inapoingia. Ingia darasani, mwambie mhadhiri wa kila uniti hali yako, na uandike jina lako kwa mkono chini ya karatasi ya mahudhurio.

Tena uulize leo, kabla hujaihitaji, siku ya mwisho ya kuomba kuahirisha muhula ni ipi. Kama 14 Oktoba itafika na leja bado iko tupu, hiyo ndiyo barua ya pili utakayoandika. Aliyeahirisha kwa idhini hurudi mwaka unaofuata na kuendelea alipoishia. Aliyenyamaza mpaka mitihani ya 1 Desemba ikampita, faili lake husema alitoroka masomo.