Hasi kwa Kuchungulia Seli Ngapi?

Mpwa wangu alitimiza siku ya 29 tangu aanzishiwe dawa za lukemia ya limfoblasti, saratani ya damu, na majibu ya MRD, kipimo cha mabaki ya seli za ugonjwa baada ya dawa, yakarudi: hasi. Shangazi zake wakapiga vigelegele kwenye simu, kundi la familia la wasapu likajaa dua. Mimi nikauliza, hasi kwa kuchungulia seli ngapi? Nikaonekana mchawi.

Jamani, zamani remisheni, yaani kutangaza kwamba ugonjwa umetulia, ilikuwa kazi ya hadubini tu: seli changa zikiwa chini ya 5% kwenye uboho, mtu anaambiwa amefika. Lakini mgonjwa anapogunduliwa hukadiriwa kuwa na seli za lukemia kama trilioni moja. Zikishuka hadi asilimia moja ya hapo, bado zimebaki bilioni kumi, na kwenye kioo mambo ni shwari, maana hazitofautiki kirahisi na seli changa za kawaida zinazochipua baada ya dawa. Ndiyo maana ikaletwa mashine ya leza, inayopitisha seli moja moja na kusoma alama zilizo juu yake, ikitafuta seli 1 katika 10,000.

Sasa hesabu ni rahisi, ila wahusika hawapendi kuisema. Seli moja mbili zenye alama za ajabu zinaweza kuwa uchafu tu, kwa hiyo msomaji makini hutaka kundi, tuseme seli 20. Ukitaka kuona 20 wakati ugonjwa ni 1 katika 10,000, lazima upitishe seli 200,000. Nikang'ang'ania mpaka nikaonyeshwa ukurasa wa pili wa majibu. Zilipitishwa 41,000. Hapo ugonjwa wa kiwango hicho ungetoa seli nne hivi. Nne! Hiyo si hasi, hiyo ni "hatukufika huko."

Na wala sishangai, maana siku ya kuvuta uboho nilikuwepo. Sindano ikaingia mfupa wa nyonga, bomba la kwanza likaenda kupakwa kwenye vioo, la pili likaenda kwingine, la tatu ndilo likaandikwa MRD. Uboho mzito huja na mvuto wa kwanza. Ukiendelea kuvuta palepale unavuta damu ya kawaida, na seli unazozitafuta zinazidi kuadimika.

"Sista, ile ya kwanza si ndiyo ilipaswa kuwa ya MRD?"

"Baba, zote ni uboho tu."

Haya. Nakubali, kipimo ni ghali, na pasipo na mashine hadubini ni bora kuliko kubahatisha. Nakubali pia kwamba hata hasi ya kweli haimaanishi sifuri; chini ya 1 katika 10,000 panaweza kujificha seli milioni nyingi, ndiyo maana dawa zinaendelea miaka miwili na zaidi. Basi angalau karatasi iseme imetafuta hadi wapi.

Jumatatu anavutwa tena. Daktari, bila furaha, amekubali: mililita tatu za kwanza, na lebo ibandikwe kabla sindano haijaingia.