Shimo la Mita Tano Kwenye Tope la Darajani: Ukuta Mzito au Kina Kifupi?

“Kama mabamba ya chuma ni mazito na mihimili imekazwa barabara, nyumba ya jirani ititie kwa sababu gani?”

Swali hili huulizwa na mwenye kiwanja anayetaka kuchimba shimo la chumba cha chini ya ardhi kando ya nyumba ya jirani, huku ukuta wa mabamba ya chuma yaliyozamishwa ardhini, unaokazwa kwa mihimili, ukizuia udongo wa pembeni. Jibu ni kwamba tope halina haja ya kuuvunja ukuta ili liingie shimoni. Linapita chini yake. Hoja ya wanaotegemea ukuta mzito ina uzito wake, na nitaifikia, lakini wahandisi wanaoshauri kupunguza kina mara nyingi huonekana waoga au wazuiaji wa maendeleo, ilhali hesabu yao ndiyo inayoeleza kinachotokea chini ya shimo.

Mjini Zanzibar, ukanda unaotoka Darajani hadi Mnazi Mmoja ulikuwa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kwa awamu. Mwenye kuchimba sehemu kama hiyo asishangae kukuta kifusi juu na tope la bahari chini yake, na kando yake nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene zisizo na nondo. Mwenye kiwanja naye ana sababu ya kutaka kwenda chini: ardhi ni finyu, kwenda juu kuna mipaka ya hifadhi, na anahitaji mahali pa matangi ya maji, jenereta na stoo.

Udongo unapoondolewa, kitako cha shimo hupoteza uzito uliokuwa ukikikandamiza. Nje ya ukuta uzito huo bado upo, na juu yake umeongezeka uzito wa nyumba ya jirani. Tope la nje hukandamizwa kwenda chini, huzunguka ncha ya mabamba, kisha hupanda ndani ya shimo. Kitako hufura, na udongo uliohama huacha upungufu mahali ulipotoka, yaani chini ya msingi wa jirani. Tope halina muda wa kutoa maji wakati wa uchimbaji, kwa hiyo ujazo wake haubadiliki: kinachoingia ndani kwa kufura au kwa ukuta kujipinda hutokea nje kama kutitia, kwa ujazo unaokaribiana.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Shimo lina upana wa mita 8 na urefu wa mita 20, na tope limekwenda chini sana. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 1.6, nguvu ya tope ya kuhimili kukatika ni tani 1.8 kwa mita ya mraba, na nyumba ya jirani inaongeza tani 2.5 kwa kila mita ya mraba. Tukichimba mita 5, uzito wa nje ni tani 8 za udongo na 2.5 za nyumba, jumla 10.5. Kinachouzuia ni nguvu ya tope yenyewe, ambayo kwa shimo la umbo hili huhesabiwa takribani mara 6: tani 10.8. Uwiano wa usalama, yaani kizuizi kikigawanywa kwa uzito, ni 1.03. Kwa maneno mengine, kitako kimesimama kwa sababu tu hakijaguswa, na kifusi kilichomwagwa pembeni au lori lililoegeshwa kinatosha kulimaliza salio hilo.

Angalia kwamba unene wa mabamba haumo katika hesabu hiyo, wala ukubwa wa mihimili. Ukiongeza unene maradufu, uwiano unabaki 1.03. Hapa ndipo mazungumzo mengi kati ya mwenye mali na mhandisi yanapokwama, kwa sababu fedha ya ziada imetumika mahali panapoonekana na tatizo liko pasipoonekana. Ukipunguza kina hadi mita 3, uzito wa nje unashuka hadi tani 7.3, kizuizi kinapungua kidogo tu hadi 10.4 kwa kuwa ile mara 6 nayo hushuka kidogo pamoja na kina, na uwiano unapanda hadi karibu 1.4. Mabadiliko hayo yameletwa na mita 2 za udongo usiochimbwa, na hakuna chuma cha kununuliwa kinachoyaleta.

Tofauti ya 1.03 na 1.4 haiishii kwenye swali la kuporomoka au kutoporomoka. Vipimo vilivyokusanywa katika mashimo mengi ya udongo laini vinaonyesha kwamba uwiano ukishuka chini ya 1.5, mwendo wa ukuta huongezeka kwa kasi. Karibu na 1.4, ukuta huweza kusogea kiasi cha asilimia 0.8 ya kina; karibu na 1, asilimia 2 au zaidi. Kwa mita 3 hiyo ni kama milimita 25. Kwa mita 5 ni sentimita 10. Kutitia kwa ardhi nyuma ya ukuta huweza kukaribia kiasi hichohicho, na athari yake huweza kufika hadi umbali wa mara mbili ya kina. Shimo la mita 5 linaweza kugusa hadi mita 10, na kwa upana wa vichochoro vyetu nyumba ya jirani nzima huwa ndani ya eneo hilo.

Nyumba haiumii kwa kutitia kiasi kile kile pande zote. Inaumia pale upande mmoja unapotangulia. Kama ardhi imeshuka sentimita 10 karibu na shimo na kufika sifuri mita 6 mbele yake, mteremko ni moja kwa sitini. Kanuni inayotumika sana husema nyufa za ukutani huanza kwenye moja kwa mia tatu, na kiunzi cha jengo huanza kudhurika kwenye moja kwa mia moja na hamsini. Katika nyumba ya chokaa utaiona hali hiyo kwanza juu ya mlango: ufa wa mshazari unaotoka kwenye pembe ya kizingiti, mpana juu na mwembamba chini, huku bawaba zikianza kukaza. Niseme pia kwamba hata shimo la mita 3 katika mfano wetu halitoki safi. Milimita 25 zikiisha ndani ya mita 4 hivi, mteremko unakaribia ule wa moja kwa mia moja na hamsini. Anayemwambia jirani kwamba kina kifupi hakitamgusa kabisa anamdanganya.

Sasa upande wa pili. Ukuta mgumu una kazi yake halisi: hupunguza kujipinda kati ya mhimili na mhimili, na mhimili wa kwanza ukiwekwa mapema, kabla shimo halijafika mita moja na nusu, huzuia kichwa cha ukuta kuinama ndani. Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaoutegemea ni jabali. Kisiwa cha Unguja kina mawe ya matumbawe, na kama jabali liko mita 8 chini, mabamba yakifika na kushika pale, ncha yao haitasogea na njia ya tope kupita chini imezibwa. Hapo ukuta mzito unakuwa na maana, kwa kuwa umeshikwa juu kwa mihimili na chini kwa jiwe.

Lakini matumbawe ni mawe yenye matundu, na maji hupita ndani yake. Tuseme kilele cha bamvua kinafikisha maji mita 1 chini ya usawa wa barabara, na maji ya kwenye jabali yanaifuata bahari bila kuchelewa. Juu ya jabali lililo mita 8 kuna shinikizo la mita 7 za maji, yaani tani 7 kwa mita ya mraba, likisukuma juu. Shimo la mita 5 limebakisha mita 3 za tope, uzito wake tani 4.8. Kitako kitanyanyuliwa na maji hata kama ukuta haukutikisika. Shimo la mita 3 limebakisha mita 5 za tope, tani 8, na linapita kwa nafasi ndogo. Dawa ya kawaida ni visima vya kupunguza shinikizo, lakini kusukuma maji kwa majuma kadhaa hukausha na kugandamiza tope chini ya nyumba za jirani, mbali kuliko lile eneo la mara mbili ya kina. Tena mabamba hayafiki kwenye jabali bila kugongwa au kutetemeshwa, jambo ambalo kuta za chokaa hazilipendi.

Wanaoamini kwamba chuma kitafidia udongo wafikirie Nicoll Highway, Singapore, tarehe 20 Aprili 2004. Shimo la treni lililochimbwa zaidi ya mita 30 katika udongo laini wa bahari, lenye ukuta wa zege na ngazi tisa za mihimili ya chuma, liliporomoka na kuua watu wanne. Ilibainika kwamba nguvu ya udongo ilikadiriwa kupita kiasi katika hesabu ya usanifu, na kwamba maungio kati ya mihimili na boriti zilizolazwa ukutani yalikuwa dhaifu. Kilichonishughulisha zaidi ni hiki: vipimo vya mwendo wa ukuta vilikuwa vimevuka viwango vya tahadhari kabla ya siku hiyo, na viwango vyenyewe vikapandishwa ili kazi iendelee. Kina chetu hakilingani na chao hata kidogo, ila tabia ya kuongeza kikomo baada ya kukivuka haihitaji mita 30.

Kwa hiyo katika tope lililokwenda chini sana ningechagua mita 3, na hata hizo nisizichimbe kwa pamoja. Kipande cha upana wa mita 4 kikichimbwa peke yake, pande zake fupi husaidia kushikilia kitako, na uwiano katika mfano wetu unapanda kutoka karibu 1.4 hadi zaidi kidogo ya 1.5. Kwa mita 5 mbinu hiyohiyo inafika 1.2 tu, haitoshi. Kipande kikifika kina, zege ya sakafu imwagwe siku ileile, kwa kuwa sakafu hiyo ndiyo mhimili wa chini kabisa na tope lililoachwa wazi huendelea kusogea bila mtu kuchimba. Gharama yake ni muda, na mkandarasi aliyekodi kijiko kwa siku ana haki ya kulalamika. Malipo ya kazi hii yapangwe kwa kipande, yasipangwe kwa ujazo wa udongo uliotolewa.

Mita 5 ningezikubali kwa masharti: nguvu ya tope ipimwe palepale kiwanjani, jabali lithibitishwe kwa zaidi ya tundu moja la uchunguzi, na shinikizo la maji ndani yake lisomwe kupitia bamvua moja zima. Bomba la kupimia mwinamo liwekwe nyuma ya mabamba na lizame chini ya ncha yao, maana bomba linaloishia pamoja na bamba haliwezi kuonyesha kwamba bamba lote limesogea. Alama za kutitia kwenye kuta za jirani zisomwe kabla ya kuchimba, si baada ya ufa wa kwanza. Na kikomo cha kusimamisha kazi kiandikwe kwenye mkataba kwa milimita, na anayekisimamia awe mtu asiyelipwa na mkandarasi.