Busia mbili, asilimia mbili: sensa inavyohesabu ulemavu

Mji wa Busia umekatwa na mpaka. Upande mmoja Kenya, upande wa pili Uganda. Watu ni wale wale, wanaoana, wananunua samaki soko moja. Lakini ukisoma takwimu za kitaifa utadhani miili ya pande hizi mbili imeumbwa tofauti. Sensa ya Uganda ya 2014 ilitoa kiwango cha ulemavu cha asilimia 12.4 kwa watu wa miaka 2 na zaidi. Ya Kenya, 2019, ilitoa asilimia 2.2 kwa wa miaka 5 na zaidi.

Mchukue bibi wa miaka 68, magoti yanamuuma, anatembea kwa fimbo hadi kisimani. Katika sensa ya Kenya ya 2009 karani aliuliza kama mtu ana ulemavu na ni wa aina gani: wa macho, wa masikio, wa viungo na kadhalika. Mwanawe, anayejibu kwa niaba ya kaya, anasema hana, huo ni uzee tu. Hadanganyi. Kwa wengi wetu "mlemavu" ni jina la mtu, na huwezi kumwita mama yako jina hilo mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Ndiyo sababu wataalamu wa Kundi la Washington, lililoundwa 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, waliliondoa neno lenyewe. Wanauliza mambo sita: kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida sana, siwezi kabisa. Sasa yule mwana anajibu bila aibu: "Kutembea? Ndiyo, ana shida kiasi."

Hapo bibi ameonekana, ila bado hajahesabiwa. Katika sensa ya 2019 Kenya ilichora mstari kwenye "shida sana", kama Kundi lenyewe linavyopendekeza. Uganda iliuchora kwenye "shida kiasi". Kwa hiyo bibi yetu ni mtu mwenye ulemavu akivuka barabara, akirudi si mwenye ulemavu. Ndiyo maana pia Kenya ilionekana "kupunguza" ulemavu kutoka asilimia 3.5 mwaka 2009 hadi 2.2: swali lilibadilika, mstari ukawa mkali na watoto wadogo wakaachwa nje. Kuziweka namba hizo mbili kwenye grafu moja ni kulinganisha debe na kibaba.

Nguvu ya mstari huo ilipimwa Zambia. Sensa yao ya 2000, kwa swali la moja kwa moja, ilipata asilimia 2.7. Utafiti wa 2006 uliotumia maswali sita ulipata 14.5 ukianzia "shida kiasi", 8.5 ukianzia "shida sana", na 2.4 ukichukua wale wasioweza kabisa. Kwa namba hizo tatu za utafiti, waliohojiwa ni wale wale.

Wanaotetea mstari mkali wana hoja: ukianzia "shida kiasi" unakusanya kila mzee anayesoma gazeti kwa kunyoosha mkono, na fungu la vigari vya magurudumu linagawanywa kwa watu wasiovihitaji. Wanaotetea mstari mlegevu wanajibu kwamba mtoto mwenye shida kiasi ya kusikia hupoteza masomo vilevile. Mimi naona wote wanapigania namba moja isiyohitajika. Majibu manne yapo kwenye fomu. Anayejenga kliniki ya macho achukue safu moja, anayepanga ruzuku achukue nyingine.

Mstari, hata hivyo, haumalizi kila kitu. Ndani ya Kenya hiyo hiyo, sensa hiyo hiyo, Embu ilipata asilimia 4.4 na Wajir 0.6. Sehemu ya tofauti ni umri: wakazi wengi wa Wajir ni watoto na vijana, na shida hizi huja na miaka. Lakini umri pekee sidhani unaweza kuzaa pengo la mara saba. Karani anayetafsiri mlangoni ndiye anayeamua "shida sana" isikikeje kwa Kisomali, na swali la kupanda ngazi lina maana gani kwenye boma lisilo na ngazi hata moja? Anayejibu mara nyingi ni mkuu wa kaya, si mwenye mwili.

Na kuna anayepita chini ya mistari yote. Kijana aliyezama kwenye huzuni, mwezi wa tatu hatoki chumbani, anaona, anasikia, anatembea, anakumbuka, anaoga, anaongea. Kwa maswali yote sita jibu lake ni moja: hakuna shida.