Mwenye hisa, meneja na mdai: RJR Nabisco ilivyouzwa kwa mkopo

Oktoba 1988 hisa moja ya RJR Nabisco, kampuni ya Marekani iliyotengeneza sigara za Winston na Camel pamoja na biskuti za Oreo, ilikuwa ikiuzwa New York kwa dola zipatazo 55. Mwezi huo mtendaji wake mkuu, F. Ross Johnson, aliiambia bodi kwamba yeye na wenzake wachache, wakishirikiana na benki moja ya uwekezaji, walikuwa tayari kuinunua kampuni yote kwa dola 75 kila hisa. Mtu aliyeajiriwa kuwapandishia wanahisa thamani ya mali yao alikuwa anawaambia, kwa kitendo, kwamba mali hiyo ina thamani kubwa kuliko soko lilivyoona, na kwamba anataka ziada hiyo iwe yake. Wiki sita baadaye kampuni iliuzwa kwa dola 109 kila hisa, tena si kwa Johnson bali kwa washindani wake, kampuni ya uwekezaji ya KKR.

Fedha nyingi kiasi hicho zilikuwa zimelala wapi? Wachumi huzungumzia gharama za uwakala: hasara inayopatikana pale anayeamua si yule anayelipia matokeo ya uamuzi. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme meneja ana asilimia 1 ya hisa, na anatumia shilingi milioni 100 za kampuni kwa jambo linalompendeza yeye lakini haliingizi kitu. Katika hasara hiyo yeye anabeba milioni 1, wanahisa wengine wanabeba milioni 99, na raha yote ni yake. Si lazima awe mwizi. Inatosha awe binadamu mwenye bajeti kubwa.

RJR Nabisco ilikuwa na bajeti kubwa kweli. Sigara huingiza fedha taslimu nyingi kila mwaka bila kuhitaji viwanda vipya vingi, hivyo swali lilikuwa moja tu: fedha hizo zirudishwe kwa wanahisa kama gawio, au zibaki mikononi mwa mameneja? Sehemu kubwa ilibaki. Kampuni ilikuwa na kundi la ndege zake binafsi. Ilitumia zaidi ya dola milioni 300 kuunda Premier, sigara ya kupasha joto badala ya kuwaka, iliyoondolewa sokoni mapema 1989 baada ya miezi michache tu ya majaribio. Mimi naiona Premier kuwa mfano wenye uzito zaidi kuliko ndege. Ndege zinaudhi, lakini mradi mbovu unaoendelezwa kwa sababu hakuna wa kuuliza maswali hula fedha nyingi zaidi, na kwenye hesabu za kampuni unaonekana kama utafiti halali.

Kinga ya kwanza inayopendekezwa ni kumlipa meneja kwa hisa, ili maumivu ya mwenye kampuni yawe yake pia. Hoja hii ina nguvu. Mshahara wa taslimu humfanya meneja apende ukubwa, kwa sababu kampuni kubwa hulipa mishahara mikubwa. Hisa humfanya apende thamani. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa hisa zenyewe na kumpa haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Mwenye haki ya kununua kwa shilingi 100 atapata 60 bei ikifika 160, ila bei ikianguka hadi 40 hapotezi kitu, maana hataitumia haki hiyo. Ukimpa mtu faida ya juu bila hasara ya chini, umemfundisha kucheza kamari kwa fedha za wengine. Ndiyo maana hisa ambazo meneja haruhusiwi kuziuza kwa miaka kadhaa, hata baada ya kuondoka kazini, ni mpango mzuri zaidi kuliko haki hizo, ingawa mameneja wengi hawaupendi.

Kisa cha Johnson kinaonyesha ukomo mwingine wa malipo. Katika mpango wake wa ununuzi, kundi dogo la mameneja lingepata asilimia 8.5 ya kampuni mpya kwa kuanzia, na mgao huo ungeweza kuongezeka zaidi ya maradufu malengo yakifikiwa. Kwa nadharia hilo ni jambo jema, kwani meneja anakuwa mmiliki. Tatizo ni kwamba aliyeuandika mpango huo alikuwa yeye mwenyewe, na aliyetakiwa kuuza kwa bei ya chini ni mwenye hisa aliyemwajiri. Habari za mgao huo zilipochapishwa magazetini, watu walikasirika, na wakurugenzi wakabaki na aibu. Kwa hiyo malipo hayawezi kutibu tatizo yakiwa yamepangwa na mgonjwa. Lazima awepo mwingine wa kuyapanga, na huyo ni bodi, kinga ya pili.

Bodi ya RJR Nabisco kwa miaka kadhaa haikuwa mlinzi wa kutegemewa. Baadhi ya wakurugenzi walikuwa na mikataba ya ushauri na kampuni ileile waliyotakiwa kuisimamia, na ndege za kampuni ziliwahudumia wao pia. Mkurugenzi anayepata fedha za ziada kwa hisani ya mtendaji mkuu ana sababu ya kunyamaza, hata kama ni mwaminifu. Hapa wapo wanaosema bodi ni pambo tu: hukutana mara chache kwa mwaka, husoma karatasi zilizoandaliwa na meneja, na huteuliwa kwa baraka zake.

Naelewa shaka hiyo, lakini kilichotokea Oktoba na Novemba 1988 hakiiungi mkono kabisa. Bodi iliunda kamati maalumu ya wakurugenzi wasio mameneja, ikiongozwa na Charles Hugel. Kamati hiyo iliajiri mabenki na wanasheria wake yenyewe, ikafungua mnada, ikakataa kumpa Johnson upendeleo. Mwishoni KKR walitoa dola 109 na kundi la Johnson dola 112. Kamati ilichagua 109. Sababu ni kwamba sehemu tu ya bei hizo ilikuwa taslimu. Katika 109 ya KKR, dola 81 zilikuwa fedha na 28 zilizobaki zilikuwa karatasi za kampuni mpya, yaani hisa maalumu na hati za madeni yake. Thamani ya karatasi hizo ilitegemea masharti yake, na ya KKR yalikuwa na uhakika zaidi. KKR pia waliwaachia wanahisa wa zamani sehemu kubwa zaidi ya kampuni mpya.

Kwa nini wakurugenzi walewale walibadilika? Jibu langu ni mahakama. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Delaware, ambalo sheria zake ziliiongoza RJR Nabisco, ilikuwa imewawajibisha binafsi wakurugenzi wa kampuni nyingine kwa kuiuza harakaharaka bila kujiridhisha na bei. Mwaka uliofuata ikatamka kwamba kampuni ikishaamuliwa kuuzwa, wajibu wa bodi ni kutafuta bei bora kwa wanahisa. Bodi iliamka pale swali lilipokuwa moja, lenye jibu la namba, na adhabu ikiwa ya mkurugenzi mwenyewe. Katika miaka ya kawaida hakuna swali kama hilo, na ndipo gharama za uwakala hujilimbikiza polepole.

Kinga ya tatu, deni, ndiyo iliyotumika kwa ukali kuliko zote. KKR waliinunua kampuni kwa takriban dola bilioni 25, nyingi zikiwa za mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Gawio linaweza kuahirishwa, riba haiahirishwi. Louis Gerstner, mtendaji mkuu mpya, hakuwa na fedha za kuchezea hata kama angetaka. Ndege zilipunguzwa na biashara zikauzwa. Mashamba ya mananasi ya Thika nayo yalikuwa ndani ya himaya hii, kwa kuwa R.J. Reynolds, kampuni ya sigara iliyozaa RJR Nabisco, ilikuwa imeinunua Del Monte mwaka 1979, na Del Monte iliuzwa vipande vipande baada ya ununuzi huo ili kulipa madeni. Wanaotetea deni husema hiyo ndiyo nidhamu: linawaondolea mameneja fedha kabla hawajazipoteza.

Lakini deni lilizua mgogoro kwa watu wengine. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikuwa na hatifungani za RJR Nabisco zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 340, zilizotolewa wakati kampuni ikiwa na deni la wastani na sifa njema. Siku mpango wa ununuzi ulipotangazwa, bei ya hatifungani hizo ilianguka, kwa sababu mdai wa zamani sasa angegombea fedha zilezile na mabilioni ya madeni mapya. Sehemu ya faida ya wanahisa ilitoka mfukoni mwa wadai hao. Metropolitan walishtaki, wakasema ilieleweka kwamba kampuni haitafanya hivyo. Mwaka 1989 mahakama ya New York iliwakatalia: mikataba haikuwa na sharti la kuzuia mkopo wa aina hiyo, na wanunuzi wazoefu kama wao wangeweza kulidai sharti hilo mwanzoni.

Masharti ya mkopo, basi, hayana huruma wala dhana. Sharti la kawaida husema faida kabla ya riba na kodi isipungue mara 3 ya riba. Kampuni yenye faida ya bilioni 9 na riba ya bilioni 3 imesimama kwenye ukingo. Faida ikishuka hadi bilioni 8, mkopeshaji ana haki ya kuiita mezani, kupandisha riba au kuzuia gawio, hata kama hakuna malipo yaliyochelewa. Uzuri wake ni kwamba kengele inalia mapema, na meneja hawezi kuinyamazisha kwa maneno. Ubaya wake ni kwamba mkopeshaji hajali fursa. Aprili 1993 Philip Morris ilipopunguza ghafla bei ya Marlboro, RJR Nabisco, bado ikiwa na mzigo wa madeni, ililazimika kufuata kwa uchungu mkubwa kuliko mshindani wake. Kampuni iliyokuwa na ndege nyingi mno sasa ilikosa akiba ya vita vya bei.

Nikizipima tatu, naipa bodi uzito wa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoandika mpango wa malipo na kuidhinisha deni. Hata hivyo hoja hii inafaa zaidi pale hisa zimetawanyika. Mwaka 1995 R.J. Reynolds ilinunua asilimia 51 ya Kampuni ya Sigara Tanzania, TCC, na mwaka 1999 biashara yake ya nje ya Marekani ikauzwa kwa Japan Tobacco. Leo kundi hilo lina asilimia 75 ya TCC, iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam. Katika kampuni ya namna hiyo mwenye hisa mkubwa anamwondoa meneja mvivu akitaka, kwa hiyo ugomvi wa zamani unapungua. Unabaki mwingine: bei ambayo kampuni tanzu hulipa kwa nembo, huduma au malighafi inapofanya biashara na kampuni za kundi lake, na nani anaithibitisha. Mkurugenzi huru aliyechaguliwa kwa kura za mwenye asilimia 75 hana nguvu ya kutosha hapo. Miamala ya namna hiyo ingepaswa kupigiwa kura na wanahisa wadogo peke yao, mmiliki mkubwa akiwa nje ya hesabu.