Kisiki cha jino na milimita 2 za juu ya fizi

"Daktari, jino hili la mbele lilishazibwa mzizi, sasa limekatika, kimebaki kisiki. Nikitiwa msumari si litakuwa na nguvu kama zamani? Au ling'olewe tu?"

Msumari hauongezi jino nguvu. Unashikilia ujazo unaojengwa juu ya kisiki ili kofia ipate pa kukaa, basi. Kinachoukinga mzizi usipasuke ni jino lenyewe lililosalia juu ya fizi. Hapa Malindi, mwenye kisu cha mpini wa mti analijua noleo, ile pete ya chuma inayobana mpini pale kisu kinapoingia. Bila noleo, mti hupasuka. Kofia ndiyo noleo la jino, lakini sharti ikumbatie jino zima lisilooza: kimo cha kama milimita 2 pande zote, na ukuta wa unene usiopungua milimita 1. Ikikumbatia ujazo peke yake, kila tonge hugeuza msumari kuwa mtaimbo ndani ya mzizi.

Nilipompima mama huyu wa Mambrui, upande wa mdomo palikuwa na milimita 3, upande wa kaakaa nusu tu. Hapo ndipo penye taabu. Meno ya chini huyasukuma ya juu kutoka nyuma kwenda nje, kwa hiyo ukuta wa nyuma ndio unaohitajika zaidi, nao ndio haupo.

Wapo madaktari wenzangu ambao wangeendelea vivyo hivyo, kwa msumari wa nyuzi za kioo uliogandishwa kwa gundi. Wanasema huo kwa kawaida huachia kabla mzizi haujapasuka, tofauti na wa chuma, kwa hiyo unarudishiwa. Hoja ina uzito, hasa kwa asiyemudu jino la kupandikiza. Linalonitia hofu ni kwamba gundi huachia upande mmoja kwanza. Mate yanapenya, uozo unakula mzizi, na maumivu hakuna kwa sababu neva ilishatolewa. Mgonjwa huja kofia ikicheza, kumbe chini pameshakwisha. Mzizi ukiwa umepasuka, kijiti cha kupimia kikipitishwa kati ya fizi na jino huzama ghafla mahali pamoja pembamba, na kijipu kwenye fizi hupona na kurudi.

Kukata fizi na mfupa kungeongeza kimo, ila jino la mbele lingeonekana refu kuliko jirani yake. Mimi nimependelea mzizi uvutwe polepole kwa waya, milimita 2, kisha ufungwe usirudi juu. Una milimita 13, kwa hiyo ndani patabaki 11. Msumari utaingia baadaye, nami nitaacha milimita 5 za kile kizibo kwenye ncha ya mzizi bila kuziguza.

Hilo linataka wiki kadhaa za kwenda na kurudi. Kama hawezi, bora ling'olewe avae jino la bandia la kuvua, kuliko kulipia kofia isiyo na pa kushika. Amesema atakuja.