Memo ya kubadili saa za kazi ianze na sababu au na tarehe?

Tuchukue ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, ilikuwa inafungua saa 2:00 asubuhi inafunga saa 11:00 jioni, sasa bosi anataka 1:30 asubuhi hadi 10:30 jioni. Masaa ni yaleyale 8 ukitoa lisaa la chakula, ila wa Pongwe itabidi awahi zaidi daladala, na ndo hapo memo inapopata kazi.

Wapo wanaotaka ianze na sababu na wana hoja, maana mtu akiona saa zimebadilika bila maelezo anajitungia yake, oo wanataka kutupunguza, oo ovataimu inakatwa. Shida ni kwamba hizo sababu huandikwa aya tatu za "katika kuboresha huduma" na tarehe inakuja kuzama chini kabisa, na mtu anaisoma kwa simu amesimama, hafiki huko.

Mimi naegemea upande wa tarehe. Kichwa chenyewe kiseme: Saa mpya za kazi kuanzia Jumatatu, 3 Agosti 2026. Sio "wiki ijayo", kwasababu memo ikitoka Ijumaa mwingine ataisoma Jumatatu na wiki ijayo yake ni nyingine kabisa. Halafu saa andika kwa namna zote mbili, saa 1:30 asubuhi, yaani 07:30, kwasababu ukiandika 7:30 tupu kuna mtu ataelewa mchana. Sababu ifuate hapohapo, sentensi mbili tu za kitu kinachoonekana: makarani wanafika foleni ishakuwa ndefu, nyaraka zinalala mpaka kesho yake. Hiyo mfanyakazi anaijua, hana cha kubisha.

Lakini wale wa sababu kwanza wana pointi moja siwezi kuipuuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi pale maelezo ya ajira yake yanapobadilika, saa za kazi zikiwemo, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwahiyo sababu zijadiliwe kikaoni kabla, memo ikitoka iwe inathibitisha tu. Ukiitumia memo kama ndo kikao chenyewe, hata uipange vizuri vipi watu watanuna.

Kwenye watakaohusika tofauti ndo nakosana kabisa na wanaoandika "wenye changamoto wamuone msimamizi", hapo mwenye kujua kuongea anapata na mnyonge anakosa. Taja kundi, saa zake, na mwisho wake. Ijumaa mapumziko ni saa 6:15 hadi 8:00 mchana kwa wanaokwenda msikitini, na dakika 45 zilizozidi zinafidiwa hivi na hivi. Mama anayenyonyesha sheria inampa hadi masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi, hiyo iandikwe kama haki yake, asiambiwe aombe. Walinzi wanabaki na zamu zao za zamani. Kama kuna mwenye ruhusa ya muda ya kuanza saa 2:00, weka tarehe inapoisha na nani anaipitia upya, la sivyo itakuwa ya kudumu na wenzake wataanza kuuliza kwanini yeye.